Goti Linaporuka Mno na Linaponyamaza: Jinsi ya Kujua Pa Kupiga Picha

Mzee mmoja hamali wa Marikiti, miaka 46, aliingia chumbani kwangu mwezi wa Julai akiwa amevaa sweta mbili na koti juu. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa wiki tano, na kwa wiki tatu miguu ilikuwa imeanza kuwa mizito. "Daktari, asubuhi miguu inagoma," aliniambia. Mkononi alikuwa na bahasha ya eksirei ya kiuno aliyopigwa kwingine. Pingili zote tano za kiuno zilikuwa safi. Foleni ilikuwa ndefu, mtu mwenyewe abeba magunia ya viazi, basi nikaona jibu liko wazi. Nikamwandikia dawa za maumivu na kumwambia apumzike.

Siku sita baadaye alirudi akiegemea ukuta. Siku hiyo ndipo nilipochukua nyundo. Goti la kulia liliruka hata mguu ukagonga ukingo wa kitanda, na la kushoto likafanya vivyo hivyo. Sekunde mbili hizo zilitosha kunionyesha kwamba ile picha ya kiuno, safi kama ilivyokuwa, ilipigwa mahali pasipo na ugonjwa.

Mwongozo huu ni wa anayekaa chumba cha wagonjwa wa nje, na mtu mwenye miguu dhaifu amekaa mbele yake. Tutamrudia mzee yule tukiendelea.

Kwanza, ijue njia yenyewe

Chini ya pia ya goti kuna kano inayounganisha pia hiyo na mfupa wa muundi. Ukiigonga, unaivuta ghafla misuli mikubwa ya mbele ya paja. Ndani ya misuli hiyo mna vihisi vidogo vinavyopima mvuto. Vikivutwa, vinatuma habari kupitia neva ya paja hadi kwenye ugwe wa mgongo, ule mkanda wa neva unaopita ndani ya pingili. Habari inaingia kwa mizizi ya nyuma ya L2 hadi L4, hasa L3 na L4; katika namba hizi C ni shingo, T ni kifua na L ni kiuno. Humo inakutana na neva ya kusukuma msuli, na kati yao kuna kiungo kimoja tu. Neva hiyo inarudi kwa njia ileile ya paja, msuli unajikunja, mguu unaruka. Tangu nyundo iguse hadi msuli uanze kuitika ni kama sehemu 20 za elfu moja za sekunde. Ubongo haujaulizwa chochote. Anapohisi amegongwa, mguu umekwisha kuanza kuruka.

Hata hivyo ubongo una mkono wake. Kutoka juu zinashuka njia ndefu ndani ya ugwe, na kwa jumla kazi yake kwenye mzunguko huu ni kuutuliza, kama dereva anayekanyaga breki kidogo wakati wote akiteremka mlima. Kutokana na hayo tunapata kanuni mbili, na karibu kila kitu kinachofuata kinatoka humo. Mzunguko wenyewe ukikatika popote, iwe kwenye neva, mzizi au ndani ya ugwe pale pale L2 hadi L4, goti linanyamaza. Mzunguko ukiwa mzima lakini njia za kutoka juu zimebanwa au kukatwa, breki inaachiliwa na goti linaruka kupita kiasi.

Kwa hiyo goti linaloruka mno linakupa habari mbili kwa pamoja: kuna hitilafu juu, na pia neva ya paja, mizizi yake na ugwe wa L2 hadi L4 ni vizima. Hilo la pili ndilo tunalosahau.

Pili, ligonge ipasavyo

Matokeo mengi ya "refleksi haipo" niliyosoma kwenye mafaili yalikuwa ya nyundo mbaya au suruali ya jinzi. Paja liwe wazi. Mgonjwa akae ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia bila kugusa sakafu. Akishindwa kukaa, alale chali, nawe upitishe mkono chini ya magoti yote mawili uyainue kidogo, uzito wa miguu ukiwa juu ya mkono wako. Mwambie aulegeze mguu "kama si wake". Ukiuinua mkono ukaona miguu inakusaidia kuinuka, bado hajalegea, ngoja.

Tafuta kano kwa kidole gumba. Inapatikana kati ya ncha ya chini ya pia ya goti na ule uvimbe wa mfupa wa muundi. Nyundo ishikwe mwisho wa mpini na iachwe idondoke kwa uzito wake, kifundo chako cha mkono kikiwa legevu. Usiisukume kama unayepigilia msumari. Wengi wetu hutumia ukingo wa stetoskopu pale nyundo inapokosekana. Ukingo huo ukilirusha goti, amini. Usipolirusha, usiandike kitu mpaka umepata nyundo yenye uzito.

Macho yaangalie paja, yasiangalie wayo. Kwa mzee mnene au mwenye goti lililovimba, mguu unaweza kukosa kuruka ilhali msuli umejikunja. Weka kiganja cha mkono wa pili juu ya paja, utauhisi. Gonga kulia, kisha kushoto mara moja, kwa nguvu ileile, ili ulinganishe.

Kama hakuna jibu, mwambie aunganishe vidole vya mikono yote miwili kama ndoano, atazame dari, kisha avute kwa nguvu ukisema "vuta". Gonga wakati huohuo, kwa maana faida ya mvuto huo ni ya muda mfupi sana. Hila hii ina jina la Jendrassik, daktari wa Hungaria wa karne ya 19. Goti lililokataa mara tatu huamka hapo, na likiamka limepungua tu, halijatoweka. Usiandike 0 kabla ya kufanya hivyo.

Kuandika ni rahisi: 0 haipo, 1+ hafifu au imepatikana kwa kuvuta mikono, 2+ ya kawaida, 3+ kali, 4+ kali yenye mtetemo usiokoma. Mimi huchora mtu wa vijiti na kuweka namba kwenye kila kiungo, kwa sababu mwenzangu wa zamu ya usiku ataona tofauti ya kulia na kushoto kwa jicho moja. Tofauti hiyo ina thamani kuliko namba yenyewe.

Tatu, usilisikilize goti peke yake

Wako watu wazima wa afya wenye 3+ kila mahali. Mwanafunzi anayesubiri mtihani atakuwa nayo, vivyo hivyo mtu mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Wako pia wachache wenye magoti yaliyonyamaza maisha yao yote, pande zote mbili, na wanacheza mpira. Goti linakuwa ushahidi pale tu linapopata wenzake.

Likiwa kali, shika wayo na uusukume juu ghafla, kisha uushikilie hapo. Kifundo kikianza kudundadunda chenyewe na kisikome, breki imeachiliwa kweli. Halafu kwaruza ukingo wa nje wa wayo kutoka kisigino kuelekea vidole, polepole, kwa kitu butu. Kidole gumba cha mtu mzima kinapaswa kushuka. Kikiinuka, hiyo ni ishara ya Babinski, aliyoieleza mwaka 1896, na hofu ya mtihani haiwezi kuitengeneza. Mwisho, likunjue na kulikunja goti kwa haraka uhisi kama msuli unakaza na kukukatalia.

Kisha panda mikononi. Refleksi ya mbele ya kiwiko hupita C5 na C6, ya nyuma ya kiwiko hasa C7. Mikono ikiwa ya kawaida na miguu ikiwa mikali, tatizo liko chini ya neva za mikono na juu ya neva za paja, yaani mara nyingi kifuani. Mikono nayo ikiwa mikali, panda shingoni au kichwani.

Kwa mzee wetu mikono ilikuwa 2+ pande zote. Magoti 3+, vifundo 4+ vyenye mtetemo, vidole gumba vyote viliinuka. Nilichukua kijiti kilichovunjika nikamchoma taratibu kutoka kwenye paja kupanda juu, nikimwambia aseme pale uchomaji unapokuwa mkali. "Hapo, daktari," akasema, kijiti kikiwa kimefika kitovuni.

Nne, geuza refleksi kuwa fomu ya picha

Hapa ndipo nilipokuwa nimeteleza, na nimewaona wengi wakiteleza mahali hapo hapo. Ugwe wa mgongo ni mfupi kuliko uti wenyewe. Kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya L1 au L2, na chini yake kuna mizizi tu inayoning'inia kama mkia wa farasi. Kwa sababu hiyo namba za ugwe hazilingani na namba za pingili. Sehemu ya ugwe inayoitwa L2 hadi L4, makao ya refleksi ya goti, imekaa nyuma ya pingili za T11 na T12.

Basi fikiri: goti likiwa kali, kidonda kiko juu ya sehemu hiyo ya ugwe, kwa hiyo juu ya T11 hivi. Pingili za kiuno, L1 hadi L5, haziwezi kueleza goti kali. Diski iliyotoka pale L4 inaweza kulinyamazisha goti, lakini haiwezi kulirusha. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya mgongo, miguu dhaifu, piga picha ya kiuno" itarudi na picha safi, na usafi huo utamtuliza kila mtu isipokuwa mgonjwa.

Kitovu ni ngozi ya T10. Kifuani, sehemu ya ugwe huwa imekaa pingili mbili au tatu juu ya pingili yenye namba ileile, kwa hiyo ugwe wa T10 uko karibu na pingili ya T7 au T8. Nilimvua mzee sweta zote mbili, jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilipopitisha kidole kwenye uti kutoka shingoni kwenda chini, katikati ya mabega na kiuno kikakutana na nundu ndogo iliyochomoza, na nilipoigonga kidogo akaruka. Kijana wake alisema hakuwa ameiona. Nani humwona babake bila shati mwezi wa Julai?

Niliandika kwenye fomu: "MRI ya uti wote, hasa T6 hadi T10, refleksi za magoti kali, hisi zimekatika kitovuni." Msomaji wa picha akiambiwa pa kutazama hutazama. Ikiwa MRI iko mbali au fedha zinachangwa, eksirei ya kifua ya mbele na ya ubavu inaweza kuonyesha pingili zilizobonyea na kivuli cha usaha kando yake, ingawa ikiwa safi haikuruhusu kutulia. Na muulize kuhusu mkojo siku hiyo hiyo. Yeye alikuwa amekaa msalani muda mrefu bila kutoa kitu tangu jana yake, wala hakuona kwamba hilo linahusiana na mgongo. Hiyo ni dharura, anapelekwa leo hii hospitali yenye daktari wa upasuaji wa uti, hasubiri kliniki ya Jumatatu.

Picha ilionyesha T7 na T8 zimeliwa, diski katikati yake imekwisha, na usaha umeusukuma ugwe. Kilichochukuliwa pale kwa sindano kilithibitisha kifua kikuu.

Tano, goti lililonyamaza

Wiki chache baadaye alikuja msichana wa chuo kutoka Kayole akiwa na malalamiko yaleyale kabisa: miguu mizito. Wiki mbili nyuma alikuwa ameharisha siku tatu. Vidole vya miguu vilimwasha kama sindano, kisha magoti yakaanza kumkunjika kwenye ngazi za matatu. Magoti 0, vifundo 0, hata alipovuta mikono. Vidole gumba vilishuka. Misuli ilikuwa legevu, na mikono nayo imeanza kudhoofika. Sikupata mstari wa hisi popote tumboni.

Hapa mzunguko umekatika pande zote mbili na katika viungo vyote, na hakuna kidonda kimoja cha uti kinachoweza kufanya hivyo kwa urahisi. Fikiri neva na mizizi yenyewe: ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva baada ya maambukizi. Kwa mgonjwa huyu usitumie nguvu zako kutafuta MRI. Mwambie avute pumzi moja kubwa ahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Mtu mwenye afya hufika 30 na zaidi. Akikwama karibu na 15, misuli ya kupumua inachoka na anahitaji wodi yenye mashine ya kupumulia, hata kama anaongea nawe vizuri na oksijeni kwenye kidole inasoma 97. Rudia kila saa chache. Pima potasiamu pia, kwa kuwa upungufu wake mkubwa hulegeza miguu na kuzima refleksi, na unatibika upesi. Akiwa mtoto chini ya miaka 15, ulegevu wa ghafla unaripotiwa siku hiyo hiyo kwa ajili ya polio, na kinyesi kinachukuliwa mara mbili, saa 24 zikiwa zimepita kati ya sampuli, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze.

Goti moja likinyamaza na jingine likiwa la kawaida, swali ni mzizi au neva ya paja. Kuna kipimo kidogo kinachonipendeza. Mwambie abane ngumi yako katikati ya magoti. Misuli ya kubana mapaja hutumia mizizi ileile ya L2 hadi L4 lakini inapata amri kupitia neva nyingine. Akibana kwa nguvu, mizizi huenda ni mizima na neva ya paja ndiyo iliyoumia. Akishindwa, panda hadi kwenye mizizi, na huyu ndiye anayestahili ile picha ya kiuno.

Sita, pale goti linapodanganya

Kijana ameanguka na bodaboda usiku, miguu haisogei, magoti 0. Usiseme "ni neva tu". Ugwe ukiumia ghafla, sehemu yote iliyo chini ya jeraha huzimia kwa siku au wiki kadhaa, kisha refleksi hurudi na kuwa kali. Kwa hiyo kanuni zetu mbili zinafaa kwa ugonjwa uliokuja taratibu, na kwa ajali ya jana mstari wa hisi ndio utakaokuonyesha mahali. Hata kidonda cha ugwe kinachofika kwa kasi bila ajali kinaweza kuanza hivyo.

Usimtegemee pia mgonjwa mwenye magonjwa mawili. Mwenye kisukari cha muda mrefu aliyepata kidonda shingoni anaweza kuwa na magoti makali na vifundo vilivyonyamaza. Upungufu wa vitamini B12 hufanya mchanganyiko kama huo peke yake, kwa kuwa unaharibu neva na ugwe pamoja. Ukiona kidole gumba kinainuka na kifundo hakiitiki, uliza kuhusu chakula na upime damu.

Wodi ya uzazi ina goti lake. Mama mwenye shinikizo la ujauzito mara nyingi huwa na magoti makali. Akianza kupewa magnesiamu salfeti, goti hupimwa kabla ya kila dozi, kwa sababu dawa ikizidi mwilini goti hunyamaza kabla pumzi haijasimama. Likinyamaza, dozi inayofuata haitolewi, pumzi zinahesabiwa, na kalsiamu glukonati inakuwa tayari. Ila kama amepata sindano ya ganzi ya mgongo kwa ajili ya upasuaji, goti litakuwa kimya kwa sababu hiyo na halikuambii lolote kuhusu magnesiamu. Gonga kiwiko.

Mzee wa Marikiti alifanyiwa upasuaji wa kuondoa usaha na kuimarisha uti, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu za mwaka mzima. Mkojo ulirudi kwanza. Mwezi wa nne aliingia chumbani kwa fimbo, bila kushikwa na mtu, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuupandisha mguu wa suruali kabla sijamwambia. Niligonga. Goti liliruka vilevile kama siku ile, 3+, na kifundo kikadunda mara nne kabla ya kutulia. Akaniuliza kama hiyo ni dalili mbaya. Nikamwambia goti lilinionyesha ugonjwa uko wapi, lakini haliwezi kunipimia amepona kiasi gani, na nikamwomba atembee hadi mlangoni na kurudi.